Namba niliyokopi kwenye picha inapiga kwa mtu mwingine kabisa, shida iko wapi?

Kipepeo wa Jioni
Wakuu habari zenu. Kuna mtu kanitumia picha ya kibao kwa WhatsApp, kibao kina jina la ofisi, anwani na namba ya simu, vyote vimepakwa kwa rangi. Nikaifungua kwa Google Lens, nikachagua maandishi, nikakopi namba, nikaipesti kwenye majina ya simu nikasevu. Kupiga, kapokea mama mmoja hata hajui naongelea nini. Nikaenda kwenye orodha ya simu zilizopigwa, naona mwanzo wa namba uko sawa ila mwisho umegeuka. Kwenye picha tarakimu tano za mwisho ni 15860 na simu imepiga 45266. Hapo ndo sielewi, ingekosea moja ningesema picha ina ukungu, lakini 1 imekuwaje 4, 8 ikawaje 2, na ile 0 ya mwisho ikawaje 6? Hazifanani hata kidogo. Namba nzima siweki hapa msije mkampigia yule mama wa watu.

Kitasa
Bonyeza picha kwa muda halafu chagua kusevu, itaingia kwenye galari. Ikigoma angalia kama simu imejaa.

Bwana Chaji
Kitasa kaka umesoma kichwa cha habari tu ukakimbilia kujibu 😂 picha anayo, shida yake ni maandishi yaliyo NDANI ya picha.

Kitasa
Aah sawa. Si aandike kwa mkono tu, tarakimu kumi zinamshinda?

Bwana Chaji
Mkuu Kipepeo jibu ni jepesi. WhatsApp inabana picha. Picha ya kamera inakuwa na upana kama pikseli 4000, ikishatumwa kawaida upande mrefu unabaki kama 1600 hivi. Sasa kama tarakimu zilikuwa na kimo cha pikseli 40 kwenye picha ya mwanzo, wewe unapokea zenye kimo cha 16. Hapo hata jicho lako linakisia, sembuse programu. Mwambie aliyekutumia airudie kwa HD, au bora zaidi aitume kama dokumenti, ikija kwa njia ya dokumenti haibanwi kabisa. Tatizo kwisha.

Mchapaji
Kubanwa kunaweza kufanya 8 isomeke 3 au 6 isomeke 8, hapo nakubali. Ila 8 kuwa 2 na 1 kuwa 4 kwa mpigo mmoja, na ile 5 na 6 zibaki salama? Hapana bosi, ukungu hauchagui hivyo.

Tarakimu
Mimi natumia iPhone, nabonyeza namba kwenye picha inajipigia yenyewe, haijawahi kukosea. Hameni huko Android.

Bwana Chaji
Tarakimu ile huduma haipo kwenye kila iPhone, inaanzia XS na XR kwenda juu na iwe na iOS 15 au ya baadaye. Mwenye iPhone X atabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Na kukosea inakosea, wewe hujawahi kuhakiki tu.

Tarakimu
Wivu huo 😅

Fundi Masafa
Kipepeo, kabla hatujailaumu picha fanya kitu kimoja. Fungua hilo jina ulilosevu, ingia sehemu ya kuhariri, halafu soma namba ilivyoandikwa MLE NDANI, usiangalie ile ya kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Ikopi uipesti kwenye meseji ambayo hutaituma, uikuze ionekane vizuri. Nadhani utakuta herufi humo.

Angalia vitufe vya simu yako vile vya kupigia. Kitufe cha 2 kina ABC, cha 4 kina GHI, cha 6 kina MNO. Mpangilio huo ni wa kimataifa. Sasa chukua 15860 yako. Kama Lens ilisoma ile 1 kama I kubwa, ile 8 kama B, na ile 0 kama O, basi ulichokopi ni I5B6O. Ukiagiza simu ipige hiyo, Android inageuza kila herufi iwe tarakimu ya kitufe chake: I inakuwa 4, 5 inabaki 5, B inakuwa 2, 6 inabaki 6, O inakuwa 6. Unapata 45266. Hesabu imekaa hivyo hivyo tarakimu kwa tarakimu.

Mchapaji
Duh.

Mama Wawili
Fundi we ni mchawi au? Nimechukua simu yangu nikaangalia vitufe kweli herufi zipo na miaka yote sijawahi kujua kazi yake.

Fundi Masafa
Dada zile ni za zamani, kampuni zilikuwa zinatangaza namba kwa neno ili mteja aikumbuke, unapiga neno herufi kwa herufi. Ndo maana simu mpaka leo zinakubali herufi kwenye namba bila kulalamika, na ndo maana yule mama kapigiwa.

Kipepeo wa Jioni
Fundi Masafa heshima yako mkuu. Nimepesti kwenye meseji nikakuza, ni kweli, iko I5B 6O na nafasi katikati. Kwenye fonti ya simu yangu ile I na 1 ni za kubandikana kabisa, B ndo imejitokeza.

Bwana Chaji
Mi nina hoja tofauti kidogo. Kwangu ilishatokea namba iliyokopiwa ikawa FUPI, siyo kugeuka. Tarakimu mbili zilipotea, simu ikasema namba haipo. Kama ingekuwa ni mambo ya vitufe zisingepotea.

Fundi Masafa
Ulipesti wapi?

Bwana Chaji
Moja kwa moja kwenye uwanja wa kupigia, pale penye vitufe.

Fundi Masafa
Basi ni tawi jingine la ugonjwa huo huo. Uwanja wa kupigia kwenye baadhi ya simu unachuja, unatupa kila kisichopigika, kwa hiyo herufi zinadondoka na namba inapungua. Majina ya simu yanakubali chochote, herufi zinabaki humo zimetulia mpaka siku unayopiga ndo zinageuzwa. Kwa afya yako ile ya kupungua ni nafuu, simu inakataa. Ya kugeuka inakupeleka kwa mtu. Sasa fikiria ungekuwa unatuma pesa na si kupiga.

Tarakimu
Kwenye pesa si jina linatokea kwanza?

Mama Wawili
Linatokea, kama mtu unasoma. Wengi tunabonyeza kuendelea.

Mchapaji
Sawa, nusu ya fumbo imeisha, kilichobaki ni kwa nini Lens isome herufi mahali ambapo mtu yeyote anaona ni namba ya simu. Mimi nimefanya kazi ya mabango na naamini ni fonti. Vibao vya kupaka rangi vinatumia karatasi iliyokatwa matundu, kila umbo linakuwa na madaraja, vile vipande vinavyozuia tumbo la herufi lisidondoke. Sifuri inakatika juu na chini, nane ina mkato katikati upande wa kushoto au inanyooka mgongo. Nane yenye mgongo ulionyooka ni B, huwezi kuilaumu programu. Kipepeo, ile 8 imenyooka kushoto?

Kipepeo wa Jioni
Imenyooka kiasi ndiyo, na ile sifuri ni duara kabisa, siyo yai.

Mchapaji
Ndo hiyo. Sifuri duara ni O mbele ya jicho la mtu yeyote.

Bwana Chaji
Bado nashikilia kubanwa. Hayo madaraja yangeonekana vizuri picha ingekuwa nzima, programu ingejua ni matundu.

Fundi Masafa
Mi nina ya tatu, msinirushie mawe. Hizi programu hazisomi umbo peke yake, zinaangalia na jirani yake. Neno likiwa na herufi nyingi, umbo lenye utata linavutwa upande wa herufi. Kipepeo, mstari wa namba una nini kingine?

Kipepeo wa Jioni
Mstari huo huo kulia kwake umeandikwa KITALU B, halafu chini yake S.L.P.

Fundi Masafa
Basi. Sisemi ndiyo sababu pekee ila mstari wenye B halisi upande wa pili unaipa programu ruhusa ya kuona B nyingine. Na ile nafasi kabla ya 6O imeikata namba, kipande cha mwisho kimekuwa kifupi kama neno. Tarakimu kumi zilizoshikana zinajitetea zenyewe, mbili zilizo peke yake hazijitetei.

Kitasa
Kwa hiyo jibu ni lipi kati ya matatu maana mimi nimeshapotea

Mama Wawili
Kitasa wewe ulishapotea tangu bandiko lako la kwanza 😂

Sauti Ndogo
Habarini. Nimeusoma uzi wote na kuna aliyeuliza kwa nini mtu asiandike kwa mkono. Kaka Kitasa mimi sioni. Picha ikija kwangu ni kimya, mpaka maandishi yatolewe ndo msomaji wa skrini, TalkBack, anaweza kunisomea. Kwa hiyo hili ndo suala langu la kila siku na nina njia ninayoitumia.

TalkBack ukiiacha isome namba kwa pamoja inaweza kuisoma kama mamilioni, au inaparamia haraka na O inapita kama sifuri masikioni. Badilisha usomaji uwe wa herufi moja moja, teleza kwa vidole vitatu juu au chini mpaka isikike mpangilio wa herufi, halafu pitia taratibu kwa kuteleza kidole kimoja chini. Hapo sifuri inasikika "sifuri" na O inasikika "o", I inasikika "i", haziwezi kujificha. Nyie wenye macho mnadanganywa na fonti, mimi herufi ikijipenyeza naisikia hapo hapo. Ninachoshindwa kukijua ni 3 iliyosomwa 8, maana zote ni tarakimu halali na mimi sina picha ya kulinganisha.

Kitasa
Dada Sauti samahani sana, sikufikiria.

Sauti Ndogo
Usijali kaka.

Mchapaji
Hiyo ya Sauti Ndogo imenifikirisha. Kumbe herufi ndani ya namba ni msaada, inapiga kelele kwamba hapa kuna shaka. Tarakimu iliyosomwa vibaya haipigi kelele.

Bwana Chaji
Kwenye kompyuta kuna tiba ya herufi moja kwa moja. Nina Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi kwenye picha, unaikatia kipande cha namba tu halafu unaikataza kutoa herufi:

```
tesseract kipande.png stdout --psm 7 -c tessedit_char_whitelist=0123456789+
```

Ile 7 inaiambia kwamba huu ni mstari mmoja tu wa maandishi, na orodha inaibana kwenye tarakimu na alama ya kujumlisha. B haiwezi kutoka hata ikitaka. Ila usiwe na toleo 4.0, lile linapuuza hiyo orodha, kuanzia 4.1 inafanya kazi.

Fundi Masafa
Bwana Chaji kazi nzuri ila umeona Mchapaji kasema nini hapo juu? Ukiikataza herufi hujaondoa shaka, umeinyamazisha. Ilikuwa inasita kati ya B na 8 ikakupa B, ukashtuka. Sasa inasita kati ya 8 na 3, itakupa moja kwa uso mkavu. Mi ningeendesha mara mbili, bila orodha na ikiwa na orodha, zikitofautiana naenda kuangalia picha pale pale zilipotofautiana.

Bwana Chaji
Kwa mtu mwenye picha mia utaangalia mpaka lini? Naona bora orodha na uhesabu urefu wa namba, isiyotimia unaitupa pembeni.

Fundi Masafa
Urefu unakamata ile iliyopungua. 45266 na 15860 zina urefu sawa mzee.

Bwana Chaji
Hapo umenishika kidogo. Kidogo.

Tarakimu
Mimi nasikia ukigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe inasoma vizuri, kuna ukweli?

Bwana Chaji
Kwa Tesseract yenyewe inageuza ndani kabla ya kusoma, ukimsaidia vibaya unaharibu. Pakiwa na kivuli kimekata kibao katikati unaweza kusaidia kwa kupandisha mwanga upande wa giza. Kinachosaidia wazi ni kukata kipande cha namba tu na kukikuza mara mbili au tatu, inapenda herufi kubwa.

Tarakimu
Ukikuza si unaongeza ubora?

Bwana Chaji
Huongezi chochote, pikseli ni zile zile zimenyooshwa. Programu tu ndo haikufundishwa kwa herufi ndogo sana.

Mama Wawili
Jamani kuna hatari nyingine, picha yenyewe inaweza kudanganya. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua mashine za Xerox WorkCentre zinabadilisha namba kwenye karatasi inayoskaniwa. Ramani ya nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42, ikatoka vyote vimeandikwa 14.13, na imeandikwa safi kabisa huwezi kushuku. Sasa WhatsApp nayo inabana picha, nani anajua haifanyi hivyo?

Fundi Masafa
Kisa ni cha kweli dada lakini WhatsApp haihusiki na ugonjwa ule. Zile mashine zilitumia JBIG2, njia ya kubana picha ambayo inatafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa na kukirudia kimoja mahali pa kingine, ndo maana namba ilitoka safi ila siyo yenyewe. Picha ya WhatsApp ni JPEG, yenyewe inaharibu kwa ukungu na vidoa kandokando ya herufi, haichukui 6 ya huku ikaibandika kule. JPEG ikiharibu unaona kwamba imeharibika. Ila kama alichokutumia mtu ni picha ya karatasi iliyopita kwenye skana, hapo neno lako lina uzito.

Mama Wawili
Nimekuelewa, asante.

Tarakimu
Wakuu na hii ya kupandisha picha Google siyo hatari? Namba za watu, anwani za watu.

Sauti Ndogo
Ndo sababu mimi picha ya kitambulisho cha mtu sipitishi Lens. Kwa iPhone maandishi yanasomwa ndani ya simu yenyewe, hata ukizima intaneti yanasomeka. Tesseract ya Bwana Chaji nayo inasoma kwenye mashine yako. Picha ya kibao cha barabarani hainisumbui, kibao kimewekwa kisomwe.

Tarakimu
Hahaa kumbe iPhone ina faida 😎

Bwana Chaji
Saa mbovu nayo hupatia mara mbili kwa siku.

Kipepeo wa Jioni
Mrejesho wakuu. Nimemwomba jamaa aitume kama dokumenti, kaituma. Nikakata kipande cha namba tu nikaacha KITALU B nje, nikapeleka Lens. Imetoka 158 60, tarakimu tupu. Nimepiga, ni wenyewe.

Bwana Chaji
NILISEMA. Kubanwa. Uzi ufungwe.

Mchapaji
Ufungwe wapi, nane bado ina mgongo ule ule na imesomeka. Sawa natoa nusu ya fonti, nusu nabaki nayo, kwa sababu picha kubwa imeonyesha madaraja.

Fundi Masafa
Kipepeo umetunyima raha, umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Umeleta picha isiyobanwa NA umekata kile kitalu. Chaji anashangilia cha kwanza, mimi naweza kushangilia cha pili, na hakuna anayeweza kumkatalia mwenzake. Chukua picha ile ile ya mwanzo iliyobanwa, kata kipande cha namba tu, soma. Ikitoka I5B ni ya Chaji, ikitoka 158 ni ya kwangu.

Kipepeo wa Jioni
Ya mwanzo nilishaifuta mkuu, nilisafisha galari nikabaki na dokumenti tu.

Bwana Chaji
😂😂😂

Fundi Masafa
Mwombe aitume tena kawaida.

Kipepeo wa Jioni
Nimemsumbua vya kutosha huyo, kesho ataniblok.

Mama Wawili
Wakati mnasubiriana naomba kuuliza langu. Nina picha ya karatasi ya anwani, kushoto simu, kulia sanduku la posta na mtaa. Nikikopi vyote inatoka mstari wa kushoto umeungana na wa kulia, simu imekatikia katikati ya jina la mtaa. Hapo siyo herufi, ni mpangilio.

Mchapaji
Hiyo ni safu mbili, inasoma kutoka kushoto kwenda kulia inavuka katikati. Usichague vyote. Bonyeza neno la kwanza la safu ya kulia, vuta kile kishikio mpaka mwisho wa safu hiyo, kopi. Halafu rudi kushoto.

Mama Wawili
Nimejaribu, kishikio kikishuka mstari wa pili kinabeba na kushoto.

Mchapaji
Basi kata picha mara mbili, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kila moja isome peke yake. Na ukate kwenye nakala, ile nzima ibaki.

Kitasa
Aiache nzima, asifute kama Kipepeo.

Sauti Ndogo
Na ukimaliza, dada, namba ya sanduku la posta nayo ipitie herufi moja moja. Watu wanahakiki simu wanasahau S.L.P., na barua ikipotea hakuna mtu anayepokea akakwambia umekosea.

Mama Wawili
Nimekata nusu ya kulia, imetoka vizuri ila S.L.P. imekuwa 5.L.P.

Bwana Chaji
Fundi, hiyo nayo utasema imevutwa na jirani?